Mguu Unaotafuta Kidato: Mhusika wa Mchezo wa Kompyuta Anavyokanyaga Ngazi na Miteremko

Mwendo wa mhusika katika mchezo wa kompyuta mara nyingi huwa umekwisha kutembewa na mtu mwingine kabla mchezaji hajagusa kitufe. Mwigizaji huvaa nguo iliyobandikwa vialama, hutembea juu ya sakafu tambarare ya studio, na kamera zilizomzunguka hunasa kila kiungo kinavyojikunja na kujikunjua. Kinachohifadhiwa ni orodha ndefu ya pembe: nyonga nyuzi kadhaa, goti nyuzi kadhaa, kifundo nyuzi kadhaa, fremu baada ya fremu. Mchezo husoma orodha hiyo na kuipa mifupa ya mhusika pembe zilezile, mara 30 au 60 kwa sekunde. Uwanjani mwendo hupendeza, kwa kuwa sakafu ya studio na ardhi ya mchezo zote ni tambarare.

Aibu hutokea ngazini. Pembe zilizonaswa studio hazina habari yoyote ya ardhi, kwa hiyo mhusika hupanda ngazi akiwa na miguu ya mtu anayetembea sebuleni. Unyayo mmoja huelea hewani, mwingine huzama ndani ya jiwe hadi kifundoni. Mtu anaweza kudhani dawa ni kurudi studio na kunasa mwendo wa kupanda ngazi, na kweli studio nyingi hufanya hivyo. Lakini ngazi iliyonaswa ina vidato vya kimo kimoja tu, wakati ramani ya mchezo ina kidato cha sentimita 14 hapa, cha 19 pale, jiwe lililolika katikati, na kilima ambacho mwinamo wake hubadilika kila hatua. Hakuna maktaba ya mienendo itakayotosha. Inabidi miguu isahihishwe palepale mchezo unapochezwa, na kazi hiyo hufanywa na mbinu ambayo watengenezaji huiita IK, yaani kinematiki ya kinyume.

Neno "kinyume" lina maana yake. Njia ya kawaida huanza na pembe na kuishia na mahali: nyonga ikikunjwa kiasi hiki na goti kiasi kile, unyayo utaangukia pale. Njia ya kinyume huanza na mahali: unyayo uwe hapa juu ya kidato hiki, je, nyonga na goti zikunjwe kiasi gani? Swali hili lilianza kuulizwa na watu wa roboti, ambao mkono wao wa chuma ulipaswa kufika kwenye kitu kilichokwisha kuwekwa mezani. Donald Pieper aliandika tasnifu yake juu yake katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1968. Mwaka 1985 Michael Girard na Anthony Maciejewski walilileta kwenye picha za kompyuta, wakilitumia kutembeza viumbe wenye miguu. Leo swali hilohilo hujibiwa ndani ya simu, kwa miguu yote miwili, katika kila fremu.

Mguu una bahati moja ambayo mkia wa nyoka au uti wa mgongo hauna: mifupa yake mirefu ni miwili tu. Mhusika wa mfano katika makala haya ana paja la sentimita 42 na muundi wa sentimita 42, na kifundo chake kiko sentimita 8 juu ya ardhi unyayo unapokanyaga sawasawa. Mguu wake ukinyooka kabisa una sentimita 84 kutoka nyonga hadi kifundo. Hakuna mtu anayesimama akiwa amekaza magoti namna hiyo, kwa hiyo uhuishaji wake wa kusimama unaiweka nyonga sentimita 90 juu ya ardhi. Ukitoa zile 8 za kifundo, umbali kati ya nyonga na kifundo unakuwa 82. Goti linabaki na mkunjo mdogo, na mguu una akiba ya sentimita mbili.

Nyonga, goti na kifundo ni ncha tatu za pembetatu. Pande mbili hazibadiliki kamwe, kwa kuwa mifupa hairefuki. Upande wa tatu ni umbali kutoka nyonga hadi mahali kifundo kinapotakiwa kuwa. Pembetatu ambayo pande zake tatu zinajulikana haina siri tena, na pembe ya goti hupatikana kwa kanuni ya kosaini ya shule ya sekondari. Wafaransa huiita kwa jina la al-Kashi, mwanahisabati wa Samarkand aliyefariki mwaka 1429, ambaye bila shaka hakuwa akifikiria michezo ya kompyuta. Paja likiwa p, muundi m, na umbali d:

```
cos(goti) = (p*p + m*m - d*d) / (2*p*m)
```

Kwa mhusika wetu, d ikiwa 82, goti linatoka na pembe ya nyuzi 155 hivi, ambapo 180 ni mguu ulionyooka. Hesabu ni hiyo tu. Hakuna kubahatisha wala kurudiarudia, tofauti na mnyororo wa mifupa mingi ambao kompyuta hulazimika kuukaribia jibu lake hatua kwa hatua.

Kanuni hiyo inaacha jambo moja wazi. Inasema goti likunjwe kiasi gani, haisemi lielekee wapi. Mtu aliyeketi kitini na unyayo wake umebaki palepale sakafuni anaweza kulipeleka goti ndani au nje, na umbali kati ya nyonga na kifundo usibadilike. Kompyuta isipoelekezwa inaweza kuchagua upande wowote, hata wa nyuma, na mhusika akapanda ngazi kwa magoti ya mbuni. Ndiyo maana kila hesabu ya mguu hupewa pia alama ya mwelekeo iliyowekwa mbele ya goti. Chaguo lenye busara ni kuutwaa mwelekeo ambao goti tayari linao katika uhuishaji ulionaswa, kwa kuwa mwigizaji alikwisha kuamua kama mhusika huyu anatembea kwa magoti yaliyonyooka mbele au yaliyotanuka kidogo.

Pembetatu ndiyo sehemu rahisi. Anayeanza huitumia jioni moja ikafanya kazi, kisha hutumia wiki kadhaa akijiuliza mbona mhusika bado anaonekana amekosewa. Ugumu uko katika kuamua kifundo kiende wapi, na lini kiachiliwe.

Ili kuamua mahali, lazima ardhi iulizwe. Baada ya uhuishaji wa fremu kusomwa, mchezo hupiga mwale usioonekana kwenda chini kutoka juu ya kila unyayo. Mwale huanzia juu kiasi, tuseme sentimita 50 juu ya usawa wa miguu ya mhusika, na kuishia sentimita 50 chini ya usawa huo. Ukianzia kwenye unyayo wenyewe, basi siku unyayo umezama ndani ya kidato mwale utaanzia ndani ya jiwe na kukosa uso wake wa juu. Mwale ukigonga kitu hurudisha habari mbili: mahali ulipogonga, na upande ambao uso ule umeelekea. Habari ya kwanza itainua au kushusha mguu, ya pili itainamisha unyayo.

Hapa kuna mtego ambao hauonekani kwenye skrini. Mwili mzima wa mhusika huwa haugongani na dunia kwa mikono na miguu yake, bali kwa umbo la kidonge kilichosimama wima, ambalo watengenezaji huliita kapsuli. Kapsuli ikipandishwa kwenye vidato halisi hurukaruka, na kamera nayo hutikisika. Ili kuepuka hilo, wajenzi wa ramani hufunika ngazi kwa mbao ya mteremko isiyoonekana, na kapsuli hupanda juu yake kama kigari. Mwale wa mguu ukigonga mbao hiyo, nyayo zote mbili zitainama na kuelea juu ya vidato kana kwamba ngazi haipo. Kwa hiyo ngazi moja huhitaji maumbo mawili: la mteremko kwa ajili ya mwili, na la vidato kwa ajili ya miguu, kila moja katika tabaka lake, na mwale huamriwa kulitazama la pili peke yake. Mtu akiona nyayo zimeinama ngazini badala ya kulala juu ya kidato, aanzie kuchunguza hapo.

Sasa mhusika wetu asimame ngazini kwa ubavu, uso ukielekea ukutani, mguu wa kulia kwenye kidato cha juu na wa kushoto kwenye kidato cha chini yake. Kidato kina kimo cha sentimita 17. Kapsuli imetua kwenye kidato cha juu, kwa hiyo uhuishaji unaiweka miguu yote miwili kwenye usawa huo. Mwale wa kulia unarudisha tofauti ya sifuri, wa kushoto unarudisha sentimita 17 chini. Unyayo wa kushoto unaning'inia hewani.

Jaribio la kwanza la kila mtu ni kuurefusha mguu wa kushoto tu. Nyonga iko 90 juu ya kidato cha juu. Kifundo cha kushoto kinapaswa kuwa 8 juu ya kidato cha chini, yaani 9 chini ya kile cha juu. Umbali unaotakiwa ni 99, na mguu mzima una 84. Zinapungua sentimita 15. Kompyuta itaunyoosha mguu kama fimbo na bado unyayo utaelea.

Jibu ni kushusha kiuno. Mchezo hutazama ni mguu upi unaohitaji kwenda chini zaidi, na kukishusha kiuno chote kwa kiasi hicho, hapa sentimita 17. Nyonga sasa iko 73 juu ya kidato cha juu. Mguu wa kushoto unarudi kwenye umbali wake wa 82 na goti lake la nyuzi 155, sawasawa na alivyosimama sebuleni. Mguu wa kulia ndio unaolipa: kifundo chake hakikusogea lakini nyonga imeshuka, umbali umekuwa 65, na kanuni ya kosaini inatoa goti la nyuzi 101. Hivyo ndivyo mtu anavyosimama ngazini, mguu wa chini ukibeba mwili na wa juu ukiwa umekunjwa. Kapsuli ingetua katikati ya vidato viwili hesabu isingebadilika, kwa kuwa kinachoamua ni tofauti kati ya nyayo, na kiuno humfuata aliye chini. Watengenezaji wengi huweka mpaka pia: tofauti ikizidi sentimita 40 au 50, mguu wa chini huachwa uelee, maana mhusika aliyesimama ukingoni mwa paa hapaswi kuchuchumaa akitafuta barabara.

Kwenye mteremko kuna jambo la ziada. Kilima chenye mwinamo wa nyuzi 20 hakina tofauti kubwa kati ya nyayo mbili zilizo karibu, lakini kina tofauti ndani ya unyayo mmoja. Ncha ya kiatu iko sentimita 18 mbele ya kifundo, na kwa umbali huo ardhi imepanda sentimita sita na nusu. Kifundo kikiwekwa mahali pake bila kugeuzwa, vidole vitazama ndani ya udongo kwa kiasi hicho wakati wa kupanda, na wakati wa kuteremka vitaelea. Ndipo ule upande ulioelekea uso unapotumika: unyayo huzungushwa mpaka uwe sambamba na ardhi. Mzunguko huu huongezwa juu ya ule wa uhuishaji, ili kisigino kinachonyanyuka kabla ya hatua kiendelee kunyanyuka. Nao huwekewa mpaka, nyuzi 30 hivi, maana kifundo cha binadamu hakiwezi kulala kwenye ukuta hata kama mwale umegonga ukuta.

Ngazi iliyochakaa huleta usumbufu mwingine hapo. Mwale ni mwembamba kuliko uzi, na kwenye jiwe lililolika unaweza kugonga ufa au kona na kurudisha mwelekeo wa ajabu, unyayo ukapinda kwa kitu ambacho kiatu halisi kisingekisikia. Dawa ya kawaida ni kuuliza kwa tufe badala ya mwale, yaani mpira wa upana wa kiatu unaoteremshwa hadi uguse, au kupiga miale miwili, ya kisigino na ya vidole, na kuunganisha majibu yake.

Mpaka hapa mhusika amesimama. Akianza kutembea, hesabu zilezile zilizokuwa sahihi zinageuka kuwa kero. Unyayo unaposogea mbele, mwale wake huvuka ukingo wa kidato, na kati ya fremu moja na inayofuata jibu la ardhi linaruka sentimita 17. Mguu nao unaruka. Basi jibu la ardhi halipewi mguu moja kwa moja. Hulainishwa, tofauti iliyopo ikiifuata tofauti inayotakiwa kwa mwendo wa haraka usio wa ghafla. Kuna kosa moja hapa ambalo limezagaa kiasi kwamba linastahili hesabu yake. Mtengenezaji huandika kwamba kila fremu mguu usogee asilimia 20 ya njia iliyobaki. Kwenye kompyuta yake yenye fremu 60 kwa sekunde, sehemu moja ya kumi ya sekunde ina fremu sita, na mguu hukamilisha asilimia 74 ya safari. Kwenye simu dhaifu yenye fremu 30, muda huohuo una fremu tatu tu, na mguu umefika asilimia 49. Mchezo mmoja, miguu miwili tofauti, na mchezaji wa simu analalamika kwamba mhusika anaogelea ngazini huku ofisini hakuna anayeona kitu. Njia sahihi huingiza muda wenyewe, dt, ndani ya hesabu:

```
x = x + (lengo - x) * (1 - exp(-k * dt))
```

Hapa k ni wepesi wa kufuata. Ikiwa 15, sehemu ya kumi ya sekunde hukamilisha asilimia 78 ya njia, fremu ziwe nyingi au chache. Kiuno hulainishwa kwa namna hiyohiyo, ila kwa tahadhari: kikichelewa sana nyuma ya miguu, mguu wa chini hukosa urefu na lile tatizo la sentimita 15 hurudi kwa mlango wa nyuma.

Mguu ulio hewani unahitaji heshima yake. Kosa la kwanza ni kuuweka unyayo pale mwale ulipogonga, basi. Mhusika huyo haondoi miguu ardhini, huiburuta kama mtu aliyevaa malapa makubwa. Sahihi ni kuongeza: kimo cha ardhi pamoja na kimo ambacho unyayo ulikuwa nacho juu ya sakafu ya studio katika fremu ileile. Ikiwa mwigizaji aliuinua mguu sentimita 12 katikati ya hatua, mhusika atauinua 12 juu ya kidato.

Hata hivyo mwale wa kwenda chini hujua tu kilichopo chini yake sasa, na ngazi hutaka kujua kitakachofuata. Mguu unaopanda unakaribia kidato cha juu, ardhi chini yake bado ni ya kidato cha chini, na habari ya ukingo huja vidole vikiwa vimekwisha kuingia ndani ya jiwe. Kulainisha hakusaidii hapa, kunachelewesha zaidi. Mtu mwenye macho huinua mguu mapema kwa sababu amekwisha kuiona ngazi. Rune Skovbo Johansen alilishughulikia jambo hili katika tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 2009 katika Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmaki, na mfumo wake ulitumika ndani ya injini ya Unity. Wazo ni kuuchambua uhuishaji kabla ya mchezo kuanza ili ijulikane kila mguu hukanyaga lini na huondoka lini katika mzunguko wa hatua. Ikijulikana hivyo, mchezo unaweza kukadiria, mguu ukiwa bado unaondoka, kwamba kwa kasi hii utatua mahali fulani mbele. Mwale hupigwa pale utakapotua. Kisha njia ya mguu hewani hupindwa kutoka alama ya unyayo iliyopita hadi ile ijayo, ikipita juu ya ukingo uliopo katikati. Mhusika huonekana anaitazama ngazi, ingawa hana macho yanayofanya kazi.

Upande wa pili wa hatua ni mguu uliokwisha kutua. Huo unapaswa kutulia kabisa, na mara nyingi hautulii. Kapsuli husogea kwa kasi inayoamriwa na kidole cha mchezaji, uhuishaji una kasi yake uliyonaswa nayo, na zisipolingana unyayo huteleza kama ulio juu ya barafu. Lucas Kovar, John Schreiner na Michael Gleicher walichapisha mwaka 2002 njia ya kusafisha utelezi huo kwenye mienendo iliyonaswa, na jamaa ya njia hiyo hutumika ndani ya mchezo unaoendelea: unyayo unapogusa ardhi, mahali pake duniani huhifadhiwa, na pembetatu hutatuliwa kwa kufuata mahali pale badala ya ule mwendo ulionaswa. Ugumu uko katika kufungua. Ukichelewa, mwili husonga mbele na mguu hubaki nyuma mpaka unyooke. Ukiwahi, utelezi unarudi. Kwa kawaida unyayo huachiliwa uhuishaji unapoanza kuunyanyua, au umbali kati ya mahali palipofungwa na mahali unapotakiwa ukizidi kiasi, tuseme sentimita 20. Nao hauachiliwi kwa mkupuo, bali hurejeshwa kwenye uhuishaji kwa muda mfupi. Kwenye lifti au mashua, mahali pa kuhifadhi ni juu ya sakafu inayosogea, ama sivyo mhusika ataiacha miguu yake gatini.

Kasoro moja huwashangaza hata wazoefu, nayo inatokana na pembetatu yenyewe. Mguu ukiwa umenyooka, nyonga na kifundo ziko umbali wa 84 na goti ni nyuzi 180. Umbali ukipungua sentimita moja tu, goti linashuka hadi nyuzi 162: mkunjo wa karibu nyuzi 18 kwa sentimita moja. Sentimita ya pili hukunja nyuzi saba tu zaidi. Maana yake ni kwamba karibu na kunyooka, mtikisiko mdogo wa kiuno, ambao jicho lisingeuona, hubadilika kuwa goti linalochomoka na kurudi. Wachezaji huliona kama kidoa kinachorukaruka kwenye suruali ya mhusika anayeteremka ngazi, kwa sababu kuteremka ndiko hunyoosha mguu zaidi. Tena mguu ulionyooka kabisa hauna goti lililotokeza upande wowote, kwa hiyo mwelekeo wake unapotea na unaweza kurudi umegeuka. Dawa ni kuukataza mguu kufika mwisho: umbali unapokaribia, kwa mfano, asilimia 98 ya urefu wote, hupunguzwa taratibu ili usikaribie 84 kwa ghafla, na kiuno hushushwa kidogo zaidi kulipa deni hilo. Ile akiba ya sentimita mbili ya mhusika wetu haikuwekwa kwa bahati.

Kwa anayetaka kujaribu, hesabu hizi hazihitaji kuandikwa kutoka mwanzo. Injini ya Unreal ina kizibo kiitwacho `Two Bone IK`, ambacho hupewa mfupa wa mwisho, mahali pa kufika, na alama ya mwelekeo wa goti. Unity ina `OnAnimatorIK`, mahali ambapo msimbo huita `SetIKPosition` kwa kila mguu. Wengi hukwama hapo siku ya kwanza: `SetIKPositionWeight` isipoitwa, uzito wa sahihisho ni sifuri na miguu haisogei hata kidogo, na kisanduku cha `IK Pass` kisipowekwa alama kwenye tabaka la uhuishaji, msimbo wenyewe hauitwi. Uzito huo una kazi kubwa kuliko kuwasha na kuzima. Ni kiasi cha kuchanganya mguu ulionaswa na mguu uliosahihishwa, na unaweza kupandishwa na kushushwa pole pole.

Uchunguzi wa kazi hii hufanywa kwa macho, lakini si kwa kasi ya kawaida. Mwendo hupunguzwa hadi sehemu moja ya kumi, kamera huwekwa ubavuni usawa wa kifundo, na miale huchorwa kwa rangi ili ionekane ilipogonga. Kivuli ni shahidi mzuri: unyayo unaoelea huachana na kivuli chake kabla jicho halijauona wenyewe. Mhusika hupandishwa ngazi, huteremshwa, husimamishwa katikati ya hatua, na huzungushwa papo hapo kwenye kidato. Zoezi la mwisho ndilo hufichua zaidi, kwa kuwa nyayo huvuka kingo bila mwili kusogea.

Hata ikifanywa vizuri, mbinu hii hugusa miguu na kiuno tu. Mtu anayepanda kilima huinama mbele, hufupisha hatua na kupunguza kasi. Mhusika aliyesahihishwa miguu peke yake huweka nyayo mahali pake huku kifua kikiwa bado cha mtu wa sebuleni. Kwa hiyo studio bado hunasa mienendo michache ya kupanda na kuteremka, na kuichanganya kufuatana na mwinamo, kisha IK humalizia sentimita zilizobaki. Kadiri uhuishaji wa chini ulivyo karibu na ukweli, ndivyo sahihisho linavyokuwa dogo na lisiloonekana. Mhusika akiruka au kuanguka, uzito hushushwa hadi sifuri, vinginevyo miguu yake itajinyoosha kutafuta ardhi angali hewani. Na aliye mbali, ambaye kimo chake chote skrinini hakizidi ukucha, huzimiwa sahihisho lote, kwa kuwa miale ndiyo yenye gharama kuliko pembetatu, na hakuna atakayeiona miguu yake.